Kumbukumbu za Kamati ya Bunge la Kaunti: Kipi Lazima Kiandikwe, Kipi Kinaweza Kuachwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na makarani wapya wa kamati, wawakilishi wa wadi na wananchi wanaofuatilia mabunge ya kaunti za Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega. Katika majibu tumetumia kamati moja ya kubuni yenye wajumbe 11, inayosikiliza ombi la wakulima wa mpunga wa Ahero kuhusu mfereji ulioziba. Kamati hiyo haipo, lakini hesabu zake ni zile zile utakazokutana nazo mezani.

## Mambo ya msingi

Kumbukumbu za kamati na Hansadi si kitu kimoja?

Hapana. Hansadi ni taarifa ya maneno yaliyosemwa, neno kwa neno, katika kikao cha Bunge. Mwakilishi anaweza kurekebisha makosa ya uandishi katika hotuba yake, lakini hawezi kubadilisha maana ya alichosema. Kumbukumbu za kamati zinaeleza kilichotendwa: nani alikuwepo, hoja gani ilitolewa, iliamuliwaje, hati gani ilipokelewa.

Tofauti hii ni ya zamani sana. Mwaka 1628 Bunge la Makabwela la Uingereza lilitamka kwamba karani wake hakuwa na idhini ya kuingiza hotuba za mtu mmoja mmoja katika kitabu cha shughuli. Wakati huo mbunge aliweza kuadhibiwa na mfalme kwa alichosema, kwa hiyo kuacha hotuba nje kulikuwa ni kumkinga. Leo wawakilishi wana kinga ya kisheria, lakini kanuni imebaki: kitabu cha shughuli huandika tendo.

Karani anayechanganya viwili hivi hukosea kwa njia mbili. Ama anaandika kurasa 14 za "Mheshimiwa alisema kwamba..." na uamuzi wenyewe unapotea katikati, ama anafupisha mno hata hoja yenyewe haionekani ilivyosomwa.

Ni nani anayeamua kipi kiandikwe: karani, mwenyekiti au kanuni?

Kanuni za Kudumu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinalipa kila bunge la kaunti uwezo wa kujitungia Kanuni za Kudumu, mradi zisipingane na Katiba wala sheria hiyo. Mwenyekiti anaongoza kikao na karani anaandika, lakini hakuna kati yao mwenye ruhusa ya kuondoa jambo ambalo kanuni inasema litaandikwa. Hata kamati nzima ikikubaliana kuliacha, haiwezi. Kamati ni chombo cha Bunge, na kanuni ni za Bunge.

Kwa kuwa kila bunge lina kanuni zake, usiazime toleo la kaunti jirani. Nambari za kanuni hazilingani, na mara nyingine hata akidi ya kamati, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili iamue jambo, ni tofauti.

Nikiisoma kanuni, nitajuaje kama jambo ni la lazima au la hiari?

Tazama kitenzi. Kanuni ikisema majina ya wajumbe waliohudhuria "yataandikwa", hapo huna hiari. Ikisema kamati "inaweza" kuambatanisha maelezo ya ushahidi kadiri itakavyoona inafaa, hiari ni ya kamati, si yako. Kwa hiyo uamuzi wa kuambatanisha au kutoambatanisha nao unaandikwa, kwa sababu huo ni uamuzi.

Kundi la tatu ndilo linalosumbua: kanuni imenyamaza. Hapo wengi huandika kila kitu kwa hofu au huacha kila kitu kwa uvivu. Njia bora ni kuangalia kanuni nyingine zinazotegemea jambo hilo. Jiulize: mjumbe akisimama na hoja ya nidhamu mwezi ujao, akidai kanuni fulani ilivunjwa, je, mstari huu ndio utakaomjibu? Kama ndiyo, uandike ingawa hakuna kanuni inayoutaja moja kwa moja. Saa ambayo mjumbe alitoka chumbani ni mfano mzuri. Hakuna kanuni ya "saa ya kutoka", lakini kanuni ya akidi haiwezi kuthibitishwa bila saa hiyo (tazama swali la akidi hapa chini).

Kukiwa na utata wa kweli, suala hupelekwa kwa Spika. Kwa kawaida Kanuni za Kudumu humpa uwezo wa kuamua mambo yasiyotajwa kwa kufuata Katiba, sheria, kanuni zenyewe na desturi za Bunge. Uamuzi wake uwekwe katika faili la kamati, maana kesho utaulizwa tena.

## Yasiyoachwa

Mahudhurio yanaandikwaje, na akidi inahusikaje?

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi huharibikia. Orodha ya "Waliohudhuria" juu ya ukurasa inaonyesha walioingia. Haionyeshi waliokuwepo wakati wa kura.

Chukua kamati yetu ya wajumbe 11. Tuseme kanuni za bunge lake zinaweka akidi kuwa theluthi moja ya wajumbe. Theluthi ya 11 ni 3.67, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, akidi ni 4. Kikao kilikwenda hivi:

Saa 4:15 asubuhi kilianza kikiwa na wajumbe 6. Saa 5:40 mjumbe mmoja alitangaza kwamba ana maslahi ya kifedha katika suala hilo, akatoka, wakabaki 5. Saa 5:55 marekebisho ya hoja yalipigiwa kura: 3 walikubali, 2 walikataa. Saa 6:10 mchana wajumbe wawili walitoka kwenda kikao kingine, wakabaki 3. Saa 6:25 pendekezo la mwisho likapigiwa kura, na wote 3 wakakubali.

Ukiandika tu "Waliohudhuria: 6" na "Pendekezo lilikubaliwa kwa kauli moja", ukurasa utapendeza na utakuwa wa uongo. Kura ya marekebisho ilikuwa halali kwa sababu 5 ni zaidi ya 4. Kura ya mwisho haikuwa na akidi. Sasa badilisha kanuni moja tu: kama bunge hilo linataka nusu ya wajumbe, akidi ni 6, na kamati iliipoteza tangu saa 5:40. Kura zote mbili zinaanguka. Matukio ni yale yale, matokeo tofauti, na bila saa za kutoka hakuna awezaye kujua.

Kwa hiyo andika saa ya kuanza, saa ya kila aliyechelewa kuingia, saa ya kila aliyetoka na aliyerudi, na saa ya kufunga. Kwa saa za Kiswahili ongeza "asubuhi" au "mchana" kila mara. Barua ya mwaliko ikiwa ilitumia saa za Kizungu, kosa la saa sita nzima huingia kwa urahisi sana.

Kwa Bunge zima, Sheria ya Serikali za Kaunti inaweka akidi kuwa theluthi ya wajumbe wote. Kosa la kawaida ni kugawanya idadi ya wadi pekee. Nakuru ina wadi 55, na theluthi yake ni 19 baada ya kujazia. Lakini wapo pia wawakilishi walioteuliwa, nao ni wajumbe kamili. Anza na idadi ya wote ndipo ugawanye.

Waliokosa kufika nao waandikwe?

Ndiyo, na watenganishwe: waliotoa udhuru na wasiotoa. Kanuni nyingi zina adhabu kwa mjumbe anayekosa vikao mfululizo bila ruhusa, na adhabu hiyo husimama au kuanguka kwa orodha hii. Sababu ya udhuru haihitajiki. "Alitoa udhuru" yatosha. Ugonjwa wa mtu au msiba wake si wa kitabu cha kamati.

Hoja iandikwe kwa maneno ya nani?

Ya mtoa hoja, kama ilivyosomwa na mwenyekiti kabla ya kuamuliwa. Huu ndio mstari pekee ambao karani hana ruhusa ya kuupendezesha. Kama hoja ilitolewa kwa mdomo, mwombe mwenyekiti aisome tena kabla ya kura ili uinukuu. Mwenyekiti anayejua kazi hatakasirika.

Marekebisho yaandikwe kwa kuonyesha hasa neno linalotoka na linaloingia, kisha hoja kamili baada ya kurekebishwa. Kwa mfano wetu:

> Kumb. 31: Ombi la wakulima wa mpunga wa Ahero. Mjumbe A alitoa hoja kwamba Kamati ipendekeze Idara ya Maji izibue mfereji mkuu kabla ya tarehe 28 Februari. Mjumbe B aliunga mkono. Mjumbe C alipendekeza marekebisho: kuondoa "28 Februari" na kuweka "31 Machi". Mjumbe D aliunga mkono. Marekebisho yalipigiwa kura saa 5:55 asubuhi. Waliokubali: 3 (C, D, E). Waliokataa: 2 (A, B). Marekebisho yalikubaliwa.

Katika kumbukumbu halisi utaandika majina. Angalia pia kwamba hakuna neno hata moja kuhusu kwa nini C alitaka Machi. Sababu zina mahali pake, nazo zinafuata.

Jina la aliyeunga mkono huandikwa pale kanuni inapotaka hoja iungwe mkono. Kanuni ikisema kamati haihitaji mwungaji mkono, acha.

Hoja iliyoondolewa na mwenyewe nayo huandikwa?

Inategemea ilifika wapi. Kama mwenyekiti hakuwa ameisoma, ni wazo tu lililopita, liache. Kama ilikwisha kusomwa na kuwa mali ya kikao, iandike pamoja na kuondolewa kwake, maana kanuni nyingi zinakataza hoja ile ile kurudishwa ndani ya kipindi fulani na kunahitajika uthibitisho kwamba hii haikuamuliwa, iliondolewa.

Kura ya mdomo na kura ya majina zina tofauti gani kwenye kumbukumbu?

Kubwa. Katika kura ya mdomo, mwenyekiti husikiliza "ndiyo" na "la" kisha hutangaza. Unaandika: "Swali liliulizwa, likakubaliwa." Usiweke idadi, kwa kuwa hakuna aliyehesabu. Karani anayeandika "6 kwa 2" baada ya kura ya mdomo ametunga takwimu.

Mjumbe akidai kura ihesabiwe, unaandika majina ya waliokubali, waliokataa na waliojizuia, kila kundi peke yake. Waliojizuia wasiachwe. Bado wapo chumbani na wanaingia katika hesabu ya akidi hata kama hawaingii katika hesabu ya ushindi.

Usiandike "kwa kauli moja" isipokuwa kura ilihesabiwa na hakuna aliyekataa wala kujizuia. Kura zikilingana, angalia kanuni ya bunge lako kuhusu kura ya uamuzi ya mwenyekiti, kisha andika hatua mbili: kwanza kwamba zililingana, halafu kilichofuata. Kwa mabunge mawili ya kitaifa, Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema kura zikilingana hoja imeshindwa. Usidhani kwamba kanuni ya kamati yako inasema hivyo hivyo.

Mjumbe akitangaza maslahi, niandike kiasi gani?

Andika jina, aina ya maslahi kama alivyoyataja, saa, na alichofanya baadaye. Katika mfano wetu: "Saa 5:40 asubuhi Mjumbe F alitangaza kwamba duka lake huiuzia Idara ya Maji mabomba. Alitoka na hakushiriki kura." Usiongeze thamani ya biashara ambayo hakuitaja. Usipunguze hadi "alitangaza maslahi" tu, kwa sababu msomaji hatajua kama ni maslahi ya kifedha yanayomzuia kupiga kura au ni jamaa yake tu anayeishi Ahero.

Kama alibaki chumbani bila kupiga kura, sema hivyo. Kanuni zinatofautiana kuhusu iwapo anahesabika katika akidi.

## Yanayoweza kuachwa

Je, naweza kuacha mjadala wote?

Mjadala ndiyo, sababu hapana. Watu hudhani ni kitu kimoja.

Mjadala ni njia: nani alijibu nani, nani alikumbusha nini kuhusu mafuriko ya Kano, nani aliona Idara ni wazembe. Kanuni ikiwa haidai, hauna nafasi katika kumbukumbu, na kuuacha kunawapa wajumbe uhuru wa kubadili mawazo mezani bila kufungwa na sentensi ya dakika kumi zilizopita.

Sababu ni msingi wa uamuzi ambao kamati yenyewe imeukubali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu za maandishi pale haki yake inapoathiriwa na hatua ya kiutawala, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inaeleza zaidi. Kwa hiyo kamati ikikataa ombi, ikipendekeza mtu aondolewe, au ikikataa jina la aliyependekezwa kushika wadhifa, andika sababu hata kama Kanuni za Kudumu zimenyamaza. Sentensi mbili au tatu zatosha, bila kumtaja msemaji: "Kamati iliona kwamba (a) mfereji uko ndani ya mradi wa kaunti, (b) bajeti ya sasa ina fungu la matengenezo."

Dawa ya kutenganisha hivi viwili ni kumwomba mwenyekiti, kabla ya kura, aseme: "Basi sababu zetu ni hizi." Zikikubaliwa, ni za kamati. Zisipokubaliwa, zimebaki mjadala.

Mjumbe akisema "hili usiliandike" nifanyeje?

Kama ni maoni tu, halikuwa likiandikwa hata hivyo, na huna haja ya kubishana. Kama ni hoja, kura, tangazo la maslahi au hati iliyopokelewa, ombi lake halina nguvu. Mjibu kwa heshima kupitia mwenyekiti, ukitaja kanuni: "Mwenyekiti, kanuni inataka hoja iandikwe." Usiahidi kando kwamba utaliacha, halafu uliandike.

Na anayetaka maneno yake yaingizwe yote?

Kumbukumbu si mahali pake isipokuwa kamati iamue. Anazo njia mbili. Kwanza, anaweza kudai kura ihesabiwe ili jina lake lionekane miongoni mwa waliokataa. Adai papo hapo, maana kikao kikishafungwa nafasi imepita. Pili, ripoti inapopitishwa, anaweza kuandika maoni tofauti yaambatanishwe, pale kanuni inaporuhusu. Hayo ni maandishi yake, kwa maneno yake, na karani hayafupishi.

Maneno ya matusi yaliyofutwa yaandikwe?

Tendo liandikwe, maneno yasiandikwe. "Mwenyekiti alimtaka Mjumbe E afute maneno aliyotamka. Mjumbe E aliyafuta na kuomba radhi." Ukiyanukuu ili "ieleweke", umeyarudisha kitabuni yale yaliyoamriwa kutoka. Kama mjumbe alikataa na akaamriwa kutoka nje, andika amri na saa, kwa sababu akidi imebadilika.

## Mashahidi na wananchi

Ushahidi wa shahidi uandikwe wote?

Kamati huwa na hiari hapa, kama tulivyoeleza kwenye swali la lazima na hiari. Lakini mambo manne hayana hiari: jina na cheo cha shahidi, kama alikula kiapo, hati alizowasilisha, na suala alilolizungumzia. Hati itambulishwe kwa kichwa, tarehe na idadi ya kurasa. "Aliwasilisha barua" haitoshi; faili likifunguliwa baada ya miaka miwili na kuna barua tatu, hakuna atakayejua ni ipi.

Tofautisha pia hati iliyowekwa mezani na ile iliyotajwa tu. Mhandisi akisema "ripoti yetu inaonyesha..." bila kuitoa, kamati haijaipokea. Andika kwamba aliahidi kuileta, na lini.

Kama ripoti ya kamati itategemea kauli fulani, nukuu kauli hiyo neno kwa neno na uitenge kwa alama za kunukuu. Mengine fupisha.

Mkulima wa Ahero alizungumza Kidholuo. Naandikaje?

Andika lugha aliyotumia, nani alitafsiri, na kwa lugha gani. Kisha fupisha ulichokipata kwenye tafsiri, ukisema hivyo. Usiweke alama za kunukuu kwenye maneno ya mkalimani ukiyafanya ya mkulima. Ubishi ukizuka kuhusu alichosema, rekodi ya sauti ya lugha asili ndiyo itakayorejelewa, kwa hiyo andika pia kama kikao kilirekodiwa.

Wajumbe wanaojua Kidholuo wakiuliza maswali moja kwa moja bila mkalimani, mwombe mwenyekiti asimamishe ili yatafsiriwe. Mjumbe asiyeelewa lugha hiyo atapiga kura kuhusu asichokisikia.

Katika mkutano wa kushirikisha umma, niorodheshe kila aliyesema?

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli kwa uwazi na kuwezesha umma kushiriki. Mahakama zimewahi kubatilisha sheria za kaunti kwa sababu ushiriki haukuthibitishwa. Uthibitisho wenyewe ndio huu: tangazo lilitolewa lini na kwa njia gani, mkutano ulikuwa wapi na saa ngapi, waliosaini ni wangapi, hoja kuu zilizotolewa, na kamati ilizifanyia nini.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho huachwa mara nyingi. Watu 60 wakiomba mfereji uzibuliwe Februari na kamati ikachagua Machi, kumbukumbu ionyeshe kwamba maoni ya Februari yalizingatiwa na sababu ya kutoyafuata. Si lazima kila msemaji atajwe. Panga maoni kwa suala, uonyeshe ni wangapi takriban walilitoa kila moja kama ulihesabu. Karatasi ya saini iambatanishwe na nakala ya ndani, lakini nambari za simu na vitambulisho zisichapishwe.

Kikao cha faragha kina kumbukumbu?

Ndiyo. Katiba inaruhusu umma uzuiwe katika hali za kipekee tu, Spika akiwa ameona kuna sababu za haki. Kwa hiyo kumbukumbu ya wazi iandike uamuzi huo, sababu, saa ya kufunga milango, waliobaki ndani na saa ya kufungua. Yaliyoendelea ndani huandikwa katika kumbukumbu ya pili inayohifadhiwa peke yake kwa Karani wa Bunge. Uamuzi wa faragha usioandikwa popote hauna wa kuutekeleza.

## Baada ya kikao

Wakati wa kuthibitisha, wajumbe wanaweza kubadilisha nini?

Usahihi peke yake: jina lililoachwa, tarehe iliyokosewa, neno la hoja lililonukuliwa vibaya. Hawawezi kubadilisha uamuzi kwa sababu wamejuta. Hilo linahitaji hoja mpya chini ya kanuni ya kubatilisha maamuzi.

Marekebisho yafanywe yaonekane. Kata neno kwa mstari mmoja, andika sahihi juu yake, mwenyekiti aweke herufi za mwanzo za majina yake. Pia iandike katika kumbukumbu za kikao kinachothibitisha. Kuchapa upya ukurasa na kuutupa wa zamani ndiyo dalili ya kwanza wanayoitafuta wakaguzi, hata kama nia ilikuwa njema.

Aliyetoa hoja ya kuthibitisha awe alikuwepo kikao kile. Mara nyingi hili husahaulika baada ya uchaguzi wa kamati mpya.

Daftari langu na rekodi ya sauti nivitupe lini?

Si kabla ya kumbukumbu kuthibitishwa, na kwa suala lenye ripoti, si kabla ripoti haijajadiliwa na Bunge. Baada ya hapo fuata utaratibu wa Karani wa Bunge wa kuhifadhi nyaraka. Usiamue peke yako. Rekodi ya sauti ni msaada wa kukagua. Haichukui nafasi ya kumbukumbu, na kumbukumbu iliyothibitishwa haibadiliki kwa sababu mtu amesikiliza kanda nyumbani. Alete hoja kamatini.

Mwananchi akiomba nakala?

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki hiyo. Jibu linatakiwa mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 21. Rasimu isiyothibitishwa iandikwe wazi kuwa ni rasimu. Sehemu ya faragha hutengwa na kusemwa kwamba imetengwa.

## Hali zisizo za kawaida

Akidi haikupatikana. Bado niandike kumbukumbu?

Andika ukurasa mmoja: waliofika, saa waliyofika, muda mliosubiri kwa mujibu wa kanuni, na saa mwenyekiti alipoahirisha. Usiandike walichozungumza wakisubiri. Kama shahidi alikuwa amesafiri kutoka Ahero na wajumbe wachache wakamsikiliza "kwa taarifa tu", huo si ushahidi mbele ya kamati na atalazimika kuitwa tena.

Akidi ilipotea katikati na pendekezo "likapita". Narekebishaje?

Usifute chochote. Andika ilivyokuwa, pamoja na saa, halafu mjulishe mwenyekiti kabla ya kikao kijacho ili pendekezo lirudishwe kwenye ajenda. Katika mfano wetu, marekebisho ya saa 5:55 yanasimama na pendekezo la mwisho linapigiwa kura upya likiwa na "31 Machi" ndani yake. Ni dakika tano za kazi, iwapo saa ziliandikwa. Zisipoandikwa, ombi zima la wakulima huanza upya, na mvua haingoji.

Wajumbe walikubaliana kwenye kundi la Watsapu. Niingize kwenye kumbukumbu?

Hapana, isipokuwa kanuni za bunge lako zinaruhusu vikao vya mtandaoni na masharti yake yalifuatwa: notisi, akidi inayoonekana na njia ya kura. "Sawa" saba kwenye simu si kura. Suala liletwe kikaoni, lipigiwe kura, na hapo ndipo lipate nambari ya kumbukumbu, kwa tarehe ya kikao hicho na si ya ujumbe.

Chama chetu cha akina mama hakina Kanuni za Kudumu. Tutumie nini?

Katiba ya chama ndiyo kanuni yenu. Tafuteni vifungu vinavyotaja akidi, kura, mikopo na kuondolewa kwa mwanachama. Kila kimoja kinadai mstari wake kwenye kumbukumbu. Kwa mikopo andikeni jina la mkopaji, kiasi, muda, riba na wadhamini waliokubali mbele ya kikao. Nani alinung'unika kabla ya kukubali, acheni.